Kupima na kuiga miliampia kwa kalibreta ya lupu: transmita ya halijoto kwenye draya ya chai

Katika kiwanda kimoja cha chai huko Mufindi, msimamizi wa draya alinipokea asubuhi ya ukungu kwa maneno haya: "Kamwene, fundi. Kioo chako kinasema mia na kumi, lakini majani yanatoka na unyevu." Chai nyeusi inapaswa kutoka kwenye draya ikiwa na unyevu wa takriban asilimia 3, na ile aliyonipa mkononi haikuvunjika kwa sauti kavu inavyotakiwa, ilipinda kwanza. Mtu aliyekaa na draya miaka mingi huipima chai kwa vidole, na mimi nimejifunza kutobishana na vidole hivyo kabla sijafungua mkoba wangu. Mwongozo huu unaeleza jinsi kalibreta ya lupu ilivyotumika kutafuta nyuzi 5 zilizokuwa zimepotea kati ya transmita na paneli, na kwa nini hatua zake zifuate mpangilio huo.

Lupu yenyewe, yaani mzunguko mzima wa transmita, waya na kontrola, ilikuwa ya kawaida. Sensa ya Pt100 yenye waya tatu, ambayo ukinzani wake hupanda kadiri joto linavyopanda, imeingia kwenye njia ya hewa ya moto, na juu yake kuna kichwa chenye transmita ya waya mbili inayogeuza ukinzani huo kuwa mkondo, iliyopangwa kusoma nyuzi 0 hadi 200 za sentigredi. Waya hizo mbili hushuka hadi kisanduku cha maungio kilichofungwa ukutani, kisha kebo inaendelea mpaka paneli, ambako kuna pawasaplai ya volti 24 na kontrola yenye ukinzani wa omu 250 kwenye mlango wake wa kuingizia mkondo. Nyuzi 0 ni miliampia 4, na nyuzi 200 ni miliampia 20. Yale yaliyo katikati hupatikana hivi:

```
mA = 4 + 16 × T / 200
T  = (mA − 4) × 200 / 16
```

Kwa hiyo kila nyuzi moja ni miliampia 0.08, na nyuzi 110 ni miliampia 12.80. Namba hiyo ya 0.08 inafaa kuandikwa kwenye kiganja kabla ya kuanza, kwa sababu ndiyo itakayokuambia papo hapo kama tofauti unayoiona kwenye kioo cha kalibreta ni kubwa au ni ndogo.

Nani anatoa umeme?

Kalibreta nyingi za lupu zina kazi nne zinazohusu miliampia, na mafundi wengi wapya huzichanganya kwa sababu zote hutumia waya mbili zilezile, nyekundu na nyeusi. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kujiuliza kila mara swali moja: katika mzunguko ninaotaka kuunganisha, umeme unatoka wapi?

Ukiwa na lupu nzima inayofanya kazi, yenye pawasaplai yake na transmita yake, unachotaka ni kupima tu. Hapo unachagua mA MEASURE na kuikatisha waya moja ili kalibreta ikae ndani ya njia ya mkondo, yaani mkondo upite ndani yake. Ukiwa umeitoa transmita mezani, haina umeme wowote, nawe unataka kuiwasha na kuisoma kwa wakati mmoja; hapo unachagua upimaji wenye LOOP POWER, na kalibreta yenyewe inatoa volti 24. Ukitaka kuijaribu kontrola ambayo mlango wake hautoi umeme, kalibreta inasukuma mkondo kwa mA SOURCE. Lakini ukitaka kukaa mahali pa transmita katika lupu ambayo tayari ina pawasaplai, chaguo ni mA SIMULATE, ambamo kalibreta haitoi umeme wowote. Inachofanya ni kuuruhusu mkondo wa pawasaplai upite kwa kiasi ulichokiweka, sawasawa na transmita ya waya mbili inavyofanya.

Kosa la kuchagua mA SOURCE mahali pa mA SIMULATE huleta pawasaplai mbili katika mzunguko mmoja, na majibu utakayopata hayatakuwa na maana hata kama hakuna kitu kilichoungua. Kosa baya zaidi ni kuiacha kalibreta kwenye upimaji wa miliampia kisha kugusa nayo plasi na minasi za pawasaplai kana kwamba unapima volti. Ndani ya upimaji wa miliampia ukinzani ni mdogo sana, hivyo umeunganisha plasi na minasi moja kwa moja, na fyuzi ya kalibreta au ya paneli itaondoka. Tundu za kuchomekea waya pia hubadilika kutoka kazi moja hadi nyingine katika baadhi ya kalibreta, kwa hiyo fuata mchoro uliochapishwa kwenye uso wa kifaa ulicho nacho, si ule unaoukumbuka wa kifaa cha zamani.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote

Kontrola inayoendesha vali ya mvuke haijui kwamba wewe ni fundi. Ukikata waya, itaona mkondo umeshuka hadi sifuri, na kwa jinsi ilivyopangwa inaweza kuamini kwamba hewa imepoa na kufungua vali yote. Kwa hiyo iweke kwanza kwenye MAN, yaani uendeshaji wa mkono, uiache vali mahali ilipokuwa, na umwambie msimamizi wa draya kwa mdomo kwamba kuanzia sasa kioo hakitasema kweli mpaka utakapomrudia. Kama lupu hiyo pia inabeba kinga ya kuzima draya joto linapozidi, usiiguse draya inapofanya kazi, subiri isimamishwe. Katika kisa hiki kinga ilikuwa na sensa yake peke yake, ndiyo maana niliweza kuanza kupima huku draya ikiwa na moto.

Hatua ya kwanza: pima upande wa paneli

Nililegeza waya ya plasi inayotoka pawasaplai kwenda kwenye transmita, nikaweka kalibreta katikati kwa mA MEASURE, nikasubiri namba itulie. Kioo cha kontrola kilisema nyuzi 110.0 na kalibreta ikasema 12.80. Ukitumia kanuni ya hapo juu utaona vinakubaliana kabisa.

Hapa ndipo wengi huishia. Wanaandika kwamba lupu ni nzima, wanafunga paneli, na kumrudishia msimamizi lawama. Lakini kilichothibitishwa ni kitu kimoja tu, nacho ni kwamba kontrola inatafsiri vizuri mkondo unaoufikia mlango wake. Hatujaambiwa kama mkondo huo ndio uliotumwa na transmita.

Hatua ya pili: pima upande wa transmita

Katika mzunguko wa mfululizo mkondo ni uleule kila mahali. Hauwezi kuwa mwingi mwanzoni na mchache mwishoni isipokuwa kuna njia ya pembeni. Kwa hiyo nilirudisha waya za paneli, nikapanda ngazi hadi kichwa cha sensa, nikafungua kifuniko na kuweka kalibreta ileile katika waya ya plasi ya transmita. Ni muhimu kutumia kifaa kilekile kwenye ncha zote mbili, maana ukitumia viwili utabaki ukijiuliza kama tofauti ni ya lupu au ya vifaa.

Kalibreta ilisema 12.43. Hiyo ni nyuzi 105.4. Nilimwita msaidizi wangu kwa simu aliyekuwa amesimama mbele ya paneli, naye akasema kioo bado kinasoma 110. Transmita ilikuwa inatuma miliampia 12.43, na kontrola ilikuwa inapokea 12.80. Miliampia 0.37 zilikuwa zinaingia njiani bila kupitia transmita.

Transmita nyingine zina skrubu za majaribio, ambapo unaweza kupima bila kukata waya kwa sababu kuna dayodi ndani inayopisha mkondo uingie kwenye kalibreta. Ni raha kubwa zikiwepo. Transmita ndogo za kichwani kwa kawaida hazina, na ukizilazimisha kwa kuweka kalibreta sambamba na skrubu zake za umeme utakuwa umeifunga transmita kwa njia ya mkato na kuipa kontrola mkondo mkubwa wa ghafla.

Hatua ya tatu: kaa mahali pa transmita

Kipimo kimoja kinaonyesha kwamba kuna tofauti, lakini hakionyeshi tabia yake, na tabia ndiyo inayotaja chanzo. Draya iliposimamishwa kwa mapumziko ya kubadilisha zamu, nilizitoa waya zote mbili kwenye transmita, nikaziunganisha na kalibreta kwa mA SIMULATE, kisha nikatuma ngazi tano huku msaidizi akisoma kioo. Baada ya kila ngazi tulisubiri sekunde kama kumi, kwa kuwa kontrola nyingi huchuja ishara na hazirukii namba mpya papo hapo.

```
mA iliyowekwa   inayotarajiwa   kioo cha paneli
 4.00               0               5.0
 8.00              50              54.8
12.00             100             104.6
16.00             150             154.4
20.00             200             204.1
```

Itazame safu ya mwisho kwa makini. Kosa ni karibu nyuzi 5 mwanzo hadi mwisho, ila linapungua kidogo kidogo jinsi mkondo unavyopanda. Kama kosa lingekuwa la mpangilio wa kontrola, kwa mfano mtu ameandika mwisho wa kipimo kuwa 210 badala ya 200, lingeanza sifuri chini na kukua kuelekea juu. Kama pawasaplai ingekuwa dhaifu, namba za chini zingekuwa sahihi kisha zingegota mahali fulani na kukataa kupanda. Kosa linalokaribia kulingana kote na kupungua kidogo juu ni alama ya mvujo kati ya waya mbili. Sababu ni kwamba mvujo hufuata volti zilizopo kati ya waya, na mkondo unapoongezeka, omu 250 za kontrola hula volti nyingi zaidi: kwenye miliampia 4 hula volti 1 tu, kwenye 20 hula 5. Zinazobaki kati ya waya hupungua, na mvujo hupungua nazo.

Uthibitisho ulikuwa mwepesi. Niliziacha waya za kichwani zikiwa wazi, hazijagusa kitu, nikashuka na kupima mkondo kwenye paneli. Waya zikiwa wazi mkondo unapaswa kuwa 0.00. Nilipata 0.42. Gawanya volti 24 kwa mkondo huo na utapata ukinzani wa takriban kilo-omu 57, ambao hakuna mtu aliyeununua wala kuufunga. Jambo la kuudhi ni kwamba kontrola haikuweza kulionyesha hili peke yake. Mkondo wowote ulio chini ya takriban miliampia 3.6 huutafsiri kama hitilafu ya transmita, na 0.42 na 0.00 huonekana kwake sawa.

Hatua ya nne: gawanya njia

Sasa tunajua kosa lipo kati ya kichwa na paneli. Nilitoa kwenye paneli waya zinazotoka kwa transmita na kuweka kalibreta palepale kwa mA SIMULATE, bila kebo yoyote. Ngazi zote tano zilirudi sahihi, kwa hiyo paneli ilikuwa safi. Kisha nilirudisha waya za paneli na kwenda kwenye kisanduku cha maungio, ambacho kiko katikati ya njia, nikakifungua.

Kisanduku kilikuwa kimeingiziwa kebo kutoka juu, na gilandi moja ya kuzibia kebo ilikuwa imepoteza mpira wake. Ndani, vumbi la chai lilikuwa limelowa na kuwa kama ugali mwembamba wa kahawia kati ya terminali ya plasi na ya minasi, na kwenye skrubu kulikuwa na kutu ya kijani. Kwa ukungu wa Mufindi, ambao miezi ya Juni na Julai hauondoki mpaka karibu adhuhuri, kisanduku cha namna hiyo hakikauki. Nilipokata waya pande zote na kuweka mita ya kawaida kati ya terminali mbili, omu zilikuwa zinayumba, na nilipogeuza ncha za mita zilibadilika tena. Ukinzani wa kweli haufanyi hivyo; maji yenye uchafu hufanya.

Usishawishike kutumia mega, ile mita ya kupima insulesheni kwa volti 500, kabla hujahakikisha kwamba waya zimetolewa kwenye transmita na kwenye paneli pia. Kipimo cha kebo kitakuwa kizuri sana, lakini utakuwa umeua vifaa viwili ili kukipata.

Tulibadilisha terminali zote, kwa sababu plastiki iliyokwisha kubeba mvujo haisafishiki vya kutosha hata ukiisugua kwa spiriti. Kisanduku kiligeuzwa ili kebo ziingie kutoka chini, na kila kebo ikaachwa ining'inie kidogo kabla ya kuingia, ili tone la maji lidondokee sakafuni badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Hatua ya tano: transmita yenyewe

Hadi hapa transmita ilikuwa haijathibitishwa. Ilikuwa imeonyesha nyuzi 105.4, ambazo zililingana na malalamiko ya msimamizi, lakini kulingana na malalamiko si kipimo. Niliitoa, nikaiweka mezani, nikaiunganisha na kalibreta kwa upimaji wenye LOOP POWER. Kalibreta ya lupu ya kawaida haiwezi kuiga Pt100, kwa hiyo upande wa sensa niliweka sanduku la ukinzani lenye swichi za kuzungusha. Waya tatu ni lazima zote ziunganishwe kama zilivyo kwenye sensa: mbili upande mmoja wa sanduku, moja upande wa pili. Ukiunganisha mbili tu, transmita itadhani sensa imekatika na kukupa mkondo wa hitilafu, ama chini ya 3.6 au juu ya 21.

```
omu        nyuzi    mA inayotarajiwa   mA iliyopimwa
100.00       0           4.00              4.00
119.40      50           8.00              8.01
138.51     100          12.00             12.01
157.33     150          16.00             16.01
175.86     200          20.00             20.02
```

Kosa kubwa kuliko yote ni miliampia 0.02, ambayo ni robo ya nyuzi. Kiwanda kiliruhusu nyuzi 1, yaani miliampia 0.08, kwa hiyo sikuigusa. Kuna tabia ya kuizungusha kila transmita iliyofika mezani mpaka ionyeshe 20.00 kamili, kwa kweli fundi anayefanya hivyo mara nyingi anahamisha kosa dogo la kalibreta yake na kulitia ndani ya transmita. Kabla ya kufikia huko, ajiulize cheti cha kalibreta yake kilitolewa lini.

Namba hizi zinaisifu transmita peke yake, maana sanduku la ukinzani limechukua nafasi ya sensa. Pt100 yenyewe niliijaribu kwenye mchanganyiko wa barafu iliyosagwa na maji, unaotoa nyuzi 0 mahali popote. Yako maji mengine ambayo nawaonya nayo hasa mafundi wa nyanda zetu za juu: maji yanayochemka. Vitabu husema ni nyuzi 100, na ni kweli kwa aliyeko Tanga au Mtwara. Katika mwinuko wa takriban mita 1,900, kama ilivyo sehemu nyingi za Mufindi, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Nimemwona fundi mwenzangu akiitupa sensa nzima kwa sababu ilisema 94 ndani ya sufuria iliyokuwa ikitokota.

Kuirudisha lupu

Baada ya kufunga kila kitu nilirudia ngazi tano kutoka kichwani kwa mA SIMULATE, na kioo kikafuata: 0.0, 50.0, 100.0, 150.0, 200.0. Nikapima tena mkondo waya zikiwa wazi, nikapata 0.00. Namba za kabla na za baada zote ziliandikwa katika kitabu cha matengenezo pamoja na tarehe na namba ya kalibreta, kwa sababu atakayekuja baada yangu atahitaji kujua kosa lilikuwa na sura gani, si tu kwamba lilitengenezwa. Transmita ilirudishwa, waya zikakazwa, draya ikawashwa, na kontrola ikarejeshwa AUTO pale tu kioo kilipotulia.

Kulibaki jambo moja ambalo kalibreta haikuweza kulipima. Pembeni ya kioo, mtu wa zamu ya usiku alikuwa ameandika kwa penseli "weka 115", kwa kuwa alikuwa amegundua kwa majaribio yake mwenyewe kiasi cha kuongeza. Nilimwonyesha msimamizi maandishi hayo, nikamweleza kwamba kuanzia jioni hiyo 115 ingekuwa 115 ya kweli na chai ingeungua. Akatia kidole mate, akayafuta.